Dashibodi ikijisasisha tu mauzo yanapanda, na hakuna aliyeuza kitu!

Mchoka_Namba
Wakuu, leo simung'unyi maneno. Wiki ya pili hii naitwa kikaoni kueleza kwa nini ripoti ya saa 3 haifanani na ya saa 4, ilhali jedwali la mauzo halijaguswa. Logi safi, hakuna kosa hata moja. Namba inanenepa kimyakimya kama kupe.

Nimepunguza data ya majaribio ikabaki mistari minne: B01 vipande 30, B03 vipande 30, B07 vipande 20, na B07 tena 20. Jumla 100, hata kwa vidole. Dashibodi ikaleta 140. Ikajisasisha, 180. Sasa hivi 220!

```sql
SELECT b.kundi, SUM(m.vipande)
FROM mauzo m
LEFT JOIN bidhaa b ON b.msimbo = m.msimbo
GROUP BY b.kundi;
```

Jedwali la bidhaa tunaletewa na timu nyingine, na waliniandikia kabisa kwamba msimbo haujirudii. Kinachonivuruga zaidi, idadi ya ankara iko palepale: 4. Kwa hiyo kikaoni naonekana mimi ndiye nisiyejua kujumlisha.

JembeButu
Pole mkuu. Hiyo ni kache. Mimi yangu iliganda kwenye mauzo ya juzi, nikafuta kache ikakaa sawa.

Mchoka_Namba
Ndugu, yako iliganda. Yangu inazaa!

Mkokotoaji
Mstari unajirudia mahali fulani, hilo sina shaka. Ila si kwenye bidhaa, maana LEFT JOIN haiongezi mistari. Weka `SUM(DISTINCT m.vipande)` ulale.

FundiMajedwali
Mkokotoaji, nusu yako ya kwanza ni kweli. LEFT JOIN imeahidi kutopoteza mstari wa kushoto, haijaahidi kutouzidisha. Msimbo ukiwa na mistari miwili kule kulia, kila uuzaji wake unatoka mara mbili. Na hiyo DISTINCT yako itachukua 30 moja na 20 moja, jumla nzima iwe 50. Mauzo mawili halali yenye kiasi sawa yatamezwa.

Mchoka, tazama hatua za namba zako: 40, tena 40, tena 40. Hayo ndiyo mauzo yote ya B07. Ankara hazikusogea kwa sababu bila shaka unazihesabu kwa `COUNT(DISTINCT ...)`, ambayo inaficha marudio. `COUNT(*)` baada ya kuunganisha ingekupa 10 badala ya 4. Endesha hii:

```sql
SELECT msimbo, COUNT(*)
FROM bidhaa
GROUP BY msimbo
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Mchoka_Namba
B07, mara 4. Na waliniandikia!

FundiMajedwali
Sasa fungua skripti inayopakia bidhaa. Inachujaje zilizobadilika?

Mchoka_Namba
`WHERE saa_badiliko >=` saa kubwa kuliko zote iliyomo tayari. Halafu `INSERT`.

FundiMajedwali
Basi. B07 ndiyo bidhaa ya mwisho kubadilishwa, kwa hiyo hiyo alama ya "sawa na" inairudisha kila raundi, na INSERT inaibandika upya. Siku bidhaa nyingine ikibadilishwa, B07 itatulia na mzigo wake na hiyo nyingine ianze kunenepa. Usikimbilie kuweka `>` pekee: bidhaa mbili zikibadilika ndani ya sekunde moja, ya pili inaweza kuachwa nje. Watumie `MERGE` kwa msimbo.

Bibi_Hesabu
Lakini sisi tumetangaza ufunguo wa msingi, si ungekataa?

FundiMajedwali
Inategemea hifadhidata, mama. PostgreSQL ingekataa. BigQuery hata inakutaka uandike `NOT ENFORCED`: tangazo lipo, mlinzi hayupo.

Mchoka_Namba
Wamejibu kwamba skripti "inafanya kazi kama ilivyokusudiwa". Nimeandika `ROW_NUMBER()` upande wangu, nachukua mstari mmoja kwa kila msimbo, wenye `saa_badiliko` ya karibuni. Jumla imerudi 100.

Lakini nimekuta jingine. Nakala ya kwanza ya B07 ina kundi "Vipuri", tatu zilizofuata zina "Vifaa". Na uuzaji mmoja wa B07 ulifanyika kabla ya hilo badiliko. Vile vipande 20 vya zamani nimevihamishia Vifaa bila kutaka.

Mkokotoaji
Kundi la sasa ndilo kundi. Acha hivyo.

Bibi_Hesabu
Hapana mwanangu! Ripoti ya Vipuri ya mwezi uliofungwa itapungua vipande 20, na wakaguzi watauliza.

FundiMajedwali
Hapo SQL haiamui. Wenye ripoti waseme wanataka kundi la siku ya uuzaji au la leo. Wakitaka la siku ya uuzaji, usifute ile nakala ya kwanza: iwekewe tarehe ya kuanza na ya kuisha, nawe uunganishe kwa msimbo pamoja na tarehe.

Mchoka_Namba
Nimewauliza. Mmoja kasema la leo, mwingine kasema yote mawili. Kikao saa 8.