Duka la Birere, Goma, dari mita 4.20: mezanini itasimama?

MamaWaVitenge: Ndugu zangu, naomba ushauri. Duka langu ni mita 5 kwa 8, dari mita 4.20. Nataka mezanini, sakafu ya juu ndani ya duka, kwenye nusu ya nyuma, ngazi kwenye pembe ya nyuma. Fundi anaanza Jumatatu na silali.

Himbi_Kaka: Rahisi, gawanya katikati: 2.10 chini, 2.10 juu.

FundiChuma: Kaka, sakafu yenyewe unaiweka wapi? Chuma na mbao vinakula kama sentimita 20. Chini acha 2.10 ili mteja asiinamishe kichwa, juu inabaki 1.90. Inatosha kwa stoo, si kwa kuuzia. Mama, juu unaweka nini?

MamaWaVitenge: Vitu vya duka tu.

FundiChuma: Vitu gani?

MamaWaVitenge: Vitenge... na sukari kidogo. Magunia ya kilo 50. Lakini mabomba ya chuma ya milimita 80 kwa 40 nimeshanunua, na fundi atayachomeka kwenye kuta mbili.

MzeeWaKatindo: Ukiweka dari la mbao duka halitapata joto, nilifanya hivyo kwangu.

FundiChuma: Mzee, haulizi joto. Mama, magunia 6 yakipandana ni kilo 300 juu ya nafasi isiyofika nusu mita ya mraba, yaani zaidi ya kilo 600 kwa mita ya mraba. Bomba hilo likivuka mita 5 litapinda hata kwa vitenge. Weka mhimili na nguzo katikati, na sukari ibaki chini.

Ukuta wa matofali ya simenti nao usiutegemee. Mitetemeko ya 2021 baada ya Nyiragongo kulipuka ilipasua kuta nyingi. Fremu isimame kwa nguzo zake, ifungwe kwa vyuma vya mshazari, iache sentimita 3 kutoka ukutani. Chini ya kila nguzo vunja sakafu, fika kwenye jiwe la lava, uligonge kwa nyundo. Likilia kama tupu, endelea kuchimba kabla ya kumwaga zege.

MamaWaVitenge: Na ngazi?

FundiChuma: Pembe ya nyuma haifai. Ngazi ya kuanzia chini ya mezanini, kidato cha pili tu kichwa kinagonga, labda ukate tundu la urefu wa ngazi nzima. Ilaze kwenye ukuta wa pembeni, sehemu ya mbele iliyo wazi, ipande hadi ukingoni. Vidato 13 vya karibu sentimita 18, kanyagio 25: ngazi inachukua urefu wa mita 3.

Himbi_Kaka: Hii hadithi imetungwa. Vitenge vimegeuka sukari, na Birere gani ina dari 4.20?

MamaWaVitenge: Ni ghala la zamani! Njoo upime. Ila mabomba siwezi kuyarudisha, na mwenye nyumba hataki sakafu ivunjwe.

FundiChuma: Mabomba yatatumika kama vibebea mbao, yakipangwa kila nusu mita juu ya mhimili. Bila kuvunja sakafu, nguzo zitatoboa zege jembamba. Fundi asichomee kitu kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi.

MzeeWaKatindo: Na joto?