Vidonge vya damu, choo kigumu na cheusi: tupeane uzoefu

Mama_Kijacho
Jana nilimkuta jirani, mjamzito mwenzangu, anafukia mfuko mzima wa fefo nyuma ya nyumba. Roho iliniuma, kwa sababu zangu mimi ziko chini ya godoro.

Nina wiki 24. Kliniki walinipima wingi wa damu wakakuta 9.4, nikapewa kidonge kimoja kila siku. Nikawa nakunywa asubuhi na chai ya rangi. Siku tano sikwenda haja kubwa. Siku ya sita kikatoka kama kokoto, cheusi tii, kikanichana. Mume wangu akasema hiyo ni damu mbovu, dawa inaniharibu. Wiki ya pili sasa nimeacha na nesi sijamwambia. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Bibie_wa_Tanga
Pole sana mdogo wangu, umenirudisha mbali. Mimba yangu ya pili nilikuwa kwa mama mkwe, wiki ya 33, choo cha shimo cha kuchuchumaa. Siku ya saba bila haja. Nimeingia saa kumi alfajiri, nasukuma, jasho linanitoka, tumbo limekaza mpaka nikadhani mtoto anashuka. Nikapiga ukelele. Wifi akawasha moto achemshe maji, mama mkwe akaja na kanga mkononi kupokea mjukuu. Kumbe ni choo. Kilipotoka kilikuja na damu nyekundu, na bawasiri niliyoipata siku hiyo ilinikalia mpaka nilipojifungua.

Kilichonisaidia: niliacha kunywa asubuhi tumbo tupu, nikahamishia usiku baada ya kula, wakati wa kulala. Kichefuchefu nilikuwa nakilala. Na kliniki walinipa sirapu ya kulainisha choo. Sikuinunua mwenyewe, niliwaambia nikapewa.

Mwana_wa_Ruvu
Hapo kwenye kokoto nimeelewa bila kuelezwa.

JuisiTu
Mnajitesa bure. Rozela, tembele na juisi ya miwa. Shemeji yangu alitoka 8 akafika 12 kwa wiki moja, hakumeza hata kimoja.

Nesi_Mstaafu
Pointi nne kwa wiki moja hazipandi kwa juisi, wala kwa vidonge. Hupanda hivyo kwa aliyeongezewa chupa za damu. Anayekunywa vidonge vyake vizuri akipata pointi moja kwa wiki tatu au nne, amefanya vyema. Tembele ale, ni chakula kizuri, lakini kwa damu ya 9 halitoshi peke yake.

JuisiTu
Ninyi wa hospitali kila cha shambani kwenu hakifai.

Nesi_Mstaafu
Sijasema hakifai. Nimesema hakitoshi.

Binti Kijacho, tuanze na rangi. Choo cheusi ni madini ya chuma yaliyobaki tumboni bila kuingia kwenye damu. Si damu mbovu, mwambie baba. Hayo mabaki ndiyo yanayochangia choo kigumu, na mimba nayo imeshaulegeza utumbo, unasukuma polepole. Sasa ile chai ya rangi inazuia chuma kisiingie, kwa hiyo kinachobaki kinakuwa kingi zaidi. Umepata madhara yote ya kidonge na faida kidogo. Chai iache mbali na kidonge, saa moja au mbili. Kunywa na maji, ukiwa na chungwa au ukwaju ni bora zaidi.

Halafu nikuulize, na usione haya: pemba unakula?

Mama_Kijacho
Shikamoo mama. Nakula. Vijiti viwili, siku nyingine vitatu.

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya damu ndogo. Halafu huo udongo wenyewe unashika chuma tumboni kisiingie, na unagandisha choo. Nimewaona wengi wanalaumu fefo na pemba liko kwenye mkoba. Jaribu kulipunguza kabla hujaihukumu dawa.

Kijana_wa_Kahama
Samahani, mimi ni mwanaume na hili halihusu mimba, ila hiyo "choo cheusi ni kawaida" naomba niisimulie, kwa sababu ilitaka kuniulia baba.

Mzee wetu alikutwa na damu 8, akaandikiwa vidonge vya chuma. Tukaambiwa choo kitakuwa cheusi, msiogope. Kweli kikawa cheusi, hatukuogopa. Hakuna aliyeuliza kwamba mzee anameza diklofenaki za magoti kila siku, anazinunua duka la dawa. Wiki ya tatu choo kikabadilika. Kilikuwa laini, kinanata kwenye sinki kama lami ya barabarani, kinang'aa, na harufu yake ilijaa nyumba nzima. Sisi tukasema ni vidonge. Siku ya pili anaamka kitandani akaanguka, mikono baridi, moyo unadunda mbio. Hospitali walipima, 5.1. Kidonda tumboni kilikuwa kinavuja damu, na vidonge vilitufunika macho. Aliongezewa chupa tatu. Yupo hai, lakini siku hiyo siisahau.

Bibie_wa_Tanga
Mungu wangu. Pole sana kaka. Kwa hiyo tofauti ni kunata na harufu?

Kijana_wa_Kahama
Ndivyo walivyotueleza. Cha vidonge ni cheusi au kijani kibichi kilichoiva, mara nyingi kimekaza. Cha damu kinanata na kunuka vibaya. Na ukiona kizunguzungu au damu inashuka wakati mtu anameza dawa, msikae nyumbani kubishana rangi.

Shangazi_Voi
Mimi si mjamzito, ni uvimbe wa kizazi, hedhi inanimaliza. Vidonge vilinishinda nikabadilishiwa ya maji. Choo kilikuwa afadhali lakini meno yakaingia weusi mpaka nikaacha kucheka. Siku hizi naivuta kwa mrija na kusukutua. Nilisikia pia mtu anaweza kuruka siku, leo anakunywa kesho hanywi. Ni kweli ama ni uvivu?

JuisiTu
Si mlisema kila siku bila kukosa? Sasa mnaruka.

Mwana_wa_Ruvu
Mjamzito asiruke! Ukikosa, kesho unameza viwili kufidia.

Nesi_Mstaafu
Viwili kwa mpigo hapana. Mwili ukishapokea chuma hufunga mlango kwa siku nzima hivi, kwa hiyo kingi cha ziada kinabaki tumboni, na ndicho kinachomuumiza. Ndiyo maana kuruka siku si uvivu: tumbo linapumzika na kile unachokunywa kinaingia vizuri zaidi. Lakini wa wiki 36 mwenye damu 7 hana muda wa kuruka, huyo huenda akahitaji chuma cha dripu. Utaratibu wa kawaida wa kliniki unabaki kila siku. Anayeshindwa akaseme, wampangie. Anayeruka siku kwa makubaliano yuko salama kuliko anayeficha mfuko chini ya godoro.

Mama_Kijacho
Narudi baada ya wiki nne. Nilimwambia nesi ukweli, hakunigombeza. Amenipangia siku moja naacha, nakunywa usiku na maji na chungwa. Chai nimeihamishia saa nne asubuhi. Pemba nimeacha, wiki ya kwanza nilikuwa nalisikia puani mvua ikinyesha. Papai kila jioni. Choo bado cheusi ila sasa nakipata kila siku mbili, hakinichani. Jana nimepimwa, 10.3.

Bibie_wa_Tanga
Hongera! Kilichosaidia ni kuruka siku au ni pemba?

Mama_Kijacho
Nesi naye ameniuliza hivyo hivyo. Jirani yangu ameanza tena, yeye kila siku, pemba halijui. Tumekubaliana atanipa majibu yake akipimwa.