Mashine ya kahawa imekuwa kobe, nimeweka siki na beking soda lakini wapi

Kikombe_Moto: Wakuu, kofi meka yangu ya matone ina kama mwaka hivi na sijawahi kuisafisha ndani, zamani jagi lilikuwa linajaa kwa dakika kumi, siku hizi nusu saa inakoroma tu na kutoa mvuke halafu maji mengine yanabaki kwenye tenki. Jana nikachanganya siki na beking soda, ikatoka povu balaa nikajua imekubali, leo iko vilevile. Nakosea wapi? Na hii kitu inasafishwa kila baada ya muda gani?

Siki_Tu: Beking soda ya nini mkuu, mimi namwaga siki tupu bila maji kila mwezi, kwisha habari.

Fundi_Birika: Povu ndo lilikudanganya. Ukoko ule mweupe ni chokaa ya kwenye maji, unayeyushwa na kitu kichachu, sasa beking soda inaua uchachu wa siki, umebaki na maji ya chumvichumvi tu. Na siki tupu sio lazima, nusu siki nyeupe nusu maji inatosha. Jaza tenki, washa, ikishatoka kama nusu, izime uiache dakika 30 mpaka saa nzima, maana kazi inafanyika kwenye kibomba cha moto huko chini na siki inahitaji muda wa kukaa humo. Kisha malizia, mwaga, pitisha maji matupu mara mbili tatu. Ukiona vipande vyeupe kwenye jagi ujue unabanduka, rudia. Muda unategemea maji yako: birika likishika ukoko haraka fanya kila mwezi, maji laini hata miezi mitatu.

Mama_Pacha: Mimi jagi langu limekuwa jeusi ndani, siki nimeweka mpaka nimechoka halitoki

Fundi_Birika: Hilo sio chokaa dada, ni mafuta ya kahawa, hapo sasa ndo beking soda inafaa, kijiko na maji ya moto, loweka kisha sugua.

Espreso_Kidogo: Siki inanuka wiki nzima, na kitabu cha mashine yangu kinakataza kabisa eti inaharibu mipira. Natumia asidi ya sitriki ya unga, vijiko viwili vya chakula kwa lita, haina harufu. Ndimu nayo inafanya ila ichuje sana, nyama zake zitaziba.

Siki_Tu: Mipira yangu mwaka wa tatu huu mizima

Espreso_Kidogo: Yako ya matone, yangu ina pampu, soma kitabu chako kwanza.

Kikombe_Moto: Nimefanya ya nusu kwa nusu, raundi ya kwanza vimetoka vipande kama maganda ya yai, ya pili imejaza jagi dakika 14. Ila kahawa bado inanukia kachumbari, nimesuuza mara tatu

Fundi_Birika: Suuza ya nne, na toa chujio uoshe pembeni, harufu hujificha humo. Hizo dakika nne zilizobaki rudia wiki ijayo, zisipopungua basi kuna kipande kimekwama kwenye valvu.