Naomba ushauri: kutoka Lang'ata hadi Syokimau siku ya marathoni

Habari wanakikundi. Jumapili ya Nairobi Marathoni nina treni ya Mombasa saa mbili asubuhi kutoka Syokimau, nami naishi karibu na Bomas. Southern Bypass ndiyo njia yangu ya kila siku, lakini ndiyo wakimbiaji watakayopitia, na Lang'ata Road upande wa Uhuru Gardens itafungwa. Nimepiga simu kwa madereva wawili wa teksi, wote wakaniambia "tutaona hapo hapo". Hilo silitaki, nina mama mzee na masanduku matatu.

Nafikiria kuzungukia Magadi Road, Rongai, Tuala, nitokee Kitengela. Je, tukiondoka saa kumi alfajiri barabara ya Tuala ni salama? Au tulale Syokimau Jumamosi?