UZI WA MALALAMIKO: Nani kawaambia neno UKIMWI lina mzizi?

Hasira za Sarufi (mwanzisha uzi)

Wakuu, nisomeni mpaka mwisho maana leo nimefura. Nafundisha Kiswahili masomo ya ziada kwa wanafunzi wa sekondari. Mmoja wao kaniletea karatasi ya jaribio alilofanya shuleni kwao. Swali linasema "Changanua mofimu za maneno yafuatayo", na katikati ya hayo maneno wamepachika UKIMWI. Mtoto kajibu vizuri tu: neno hili halichanganuliwi kwa viambishi kwa sababu limetokana na kufupisha Upungufu wa Kinga Mwilini. Kapewa sifuri! Mwongozo wa kusahihishia unasema U- ni kiambishi cha ngeli, -ki- kiambishi cha masharti, na -mwi ndiyo mzizi.

Masharti ya nini jamani? Kama -mwi ni mzizi, nitajieni neno jingine moja tu lenye mzizi huo. Nangoja.

Hebu tuangalie mkasi ulipita wapi. Kwenye "upungufu" wamechukua u-, na kwa bahati hicho ni kiambishi kweli, maana tuna "pungufu" na "pungua" bila hicho u. Kwenye "kinga" wamechukua ki-, lakini hiyo si ki- ya kitabu na kiti, ni nusu ya mzizi -king-. Kwenye "mwilini" ndiko kuna kichekesho: mw- ni kiambishi cha ngeli (mwili, miili), ile i ni mwanzo wa mzizi -ili, halafu sehemu yote iliyobaki pamoja na -ni ya mahali imetupwa. Vipande vitatu, mikato ya aina tatu. Aliyelitunga hakuwa na habari na mofimu. Alichotaka ni silabi zinazotamkika. Sasa unamwambia mtoto atafute mofimu mahali ambapo mtungaji mwenyewe alizikatiza katikati?

Halafu ukurasa wa pili BAKITA, runinga na chajio wamewekwa fungu moja na garimoshi na mwanasheria, eti yote ni "maneno ambatani". Kwenye garimoshi namwona gari mzima na moshi mzima. Kwenye BA nionyesheni baraza.

---

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, punguza jazba. Mimi nasahihisha mitihani miaka mingi. Kwenye -ki- ya masharti nakubali, hapo wameteleza. Ila kwenye U- mwongozo una hoja. Tunasema UKIMWI unaua, UKIMWI umeenea, UKIMWI huu. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotuonyesha ngeli, na ngeli ina kiambishi chake. Kwa hiyo U- ni kiambishi cha ngeli, basi.

Na hayo mengine usiyatenganishe. BAKITA, CCM, runinga, chajio, Tanzania, yote ni akronimu. Neno limefupishwa, limefupishwa.

---

Hasira za Sarufi

Kumbe ndio nyinyi mnaoandika hiyo miongozo!

---

Mzee wa Ngeli

Salaam wanajukwaa. Ndugu Kalamu, hoja yako ya upatanisho imekaa vizuri kuisikia lakini haibebi mzigo uliopewa. Tunasema kompyuta imeharibika, na hakuna anayetafuta kiambishi i- ndani ya neno kompyuta. Upatanisho unatuambia nomino nzima imeingia ngeli gani. Hautuambii kwamba silabi yake ya kwanza inachomoka.

Shida ya UKIMWI ni kwamba sababu mbili zimeangukia sehemu moja. Huenda tunasema "unaua" kwa sababu nomino kuu iliyofupishwa ni upungufu, yenye upatanisho wa u-. Huenda pia ni kwa sababu neno lenyewe linaanza na U na sikio linaliona kama uji au ugonjwa. Kwa neno hilo peke yake huwezi kuzitenganisha. Ukitaka kuzitenganisha, tafuta neno ambalo kichwa chake na umbo lake havifanani. Chukua CCM. Chama kimetoa tamko, lakini CCM imetoa tamko. Ki- ya chama imepotea, na kifupisho kimekwenda ngeli ya I-ZI kama maneno mengi ya kigeni. BAKITA vilevile: baraza limetoa tamko, BAKITA imetoa tamko, ingawa utawasikia wachache wakisema "limetoa" kwa kuwa baraza bado linawagonga kichwani. Sasa geukia VVU, yaani Virusi vya UKIMWI. Tunasema VVU vinaambukizwa. Hapo kichwa kimeshinda, virusi wameburuta vi- yao hadi kwenye herufi tupu.

Kwa hiyo hakuna kanuni moja, na ndiyo maana nasema swali la jaribio hilo lilikuwa baya tangu kuandikwa, achilia mbali mwongozo.

Nikitoka hapo, CCM na BAKITA hazikuundwa kwa njia moja hata kama kitabu kinaziweka jina moja. CCM ni herufi za mwanzo tu, na kwa kuwa konsonanti tatu mfululizo hazitamkiki kwetu kama neno, tunazisoma herufi mojamoja. BAKITA ni silabi: BA ya Baraza, KI ya Kiswahili, TA ya Taifa, zile "la" zimeachwa. Silabi zetu zikiwa konsonanti na irabu, neno linasomeka lenyewe, unaweza hata kusahau lilikuwa refu. Runinga nayo ni njia nyingine kabisa, nitarudi jioni kulieleza.

---

Mweka Hazina

Samahani wakuu, naona hapa kuna wataalamu. Mimi si mtu wa lugha. Kikundi chetu cha akiba na mikopo tumekisajili kwa jina refu, tukaambiwa tutafute kifupi cha kuweka kwenye muhuri. Katibu akachukua silabi ya kwanza ya kila neno, akaunganisha, akasoma kwa sauti mbele ya akina mama. Ukumbi mzima ukainama. Lilikuwa tusi, tena la nguoni. Je, kuna utaratibu rasmi wa kuchukua hizo silabi au tunaruhusiwa kubadilisha?

---

Mzee wa Ngeli

😀 Pole sana ndugu Mweka Hazina. Mnaruhusiwa. Tazama TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Wangefuata silabi kwa ukamilifu wangepata TAUKI. Wao wakachukua herufi T peke yake kwenye Taasisi, halafu U, halafu KI. Mwaka 2009 taasisi hiyo ilipounganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, zikachukuliwa silabi zote: TATAKI. Kwa hiyo chukueni herufi moja mahali pa silabi, ruka neno moja, au geuzeni mpangilio wa jina lenyewe. Cha msingi someni kwa sauti kabla ya kuchonga muhuri.

Na Kalamu, hilo ndilo jibu lako. Mweka Hazina anaweza kuchagua kipande cha kuchukua. Kwenye viambishi nani anachagua? Ukitaka wingi wa kitabu ni vitabu, hakuna kikao kinachoitishwa.

---

Dada Lishi

Mzee hajarudi, ngoja niiguse runinga. Nilivyofundishwa ni rununu na maninga. Rununu ni habari zinazovuma, maninga ni macho. Wamechukua kichwa cha la kwanza, ru-, na mkia wa la pili, -ninga. Kwa kipimo changu hapo ndipo inapoachana na BAKITA. BAKITA ni vichwa vitupu, kila neno limetoa mwanzo wake. Runinga ni kichwa kwa mkia, na huo ndio uhulutishaji.

Mfano ninaoupenda zaidi ni tarakilishi. Andika tarakimu, chini yake andika akili, uone: "aki" imo kwenye yote mawili. Kwa hiyo tar-aki-li, ile aki inahudumu pande zote mbili, kisha -shi ikaongezwa mwishoni. Baadaye watu wakataka jina la kompyuta ya kupakata, wakapata kipakatalishi. Ki- ya kawaida, pakata zima, na "-lishi". Sasa -lishi ni nini? Ni li ya akili na shi ya nyongeza, kipande ambacho hakikuwa na maana popote, sasa kinatumika kana kwamba maana yake ni kompyuta. Na wingi wake ni vipakatalishi bila tatizo. Mwalimu mwanzisha uzi, hapa utakuwa na kazi, maana neno hilo lina kiambishi halisi cha ngeli NA kipande cha uhulutishaji kwa pamoja. Huwezi kusema njia hizi na viambishi havikutani kabisa.

---

Hasira za Sarufi

Sijasema havikutani, dada. Kwenye kipakatalishi ki- ni kiambishi kwa sababu inageuka vi-. Kwenye UKIMWI hakuna kinachogeuka. Nataka hilo tu liandikwe kwenye mwongozo.

---

Kalamu Nyekundu

Sawa, runinga nimekubali. Basi mwenzangu, mamangu na babangu nayo ni uhulutishaji? Mwenzi wangu, mama yangu, baba yangu, maneno mawili yamekuwa moja na vipande vimedondoka. Mimi huwa natoa alama kwa jibu hilo.

---

Dada Lishi

Hapana, huo ni mkunjo wa vimilikishi na una mpangilio: mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu. Ukijua mmoja unajua wote. Jua runinga, haikusaidii kutabiri neno lolote linalofuata. Acha kutoa hizo alama.

---

Mzee wa Ngeli

Nimerudi, Dada Lishi kanimalizia kazi. Nibakize chajio tu, kwa sababu hapo mwenyewe sina msimamo. Wengi husema ni CHA ya chakula na JIO ya jioni, vichwa viwili, kwa hiyo ni ndugu wa BAKITA aliyeandikwa kwa herufi ndogo. Lakini tazama kirai chenyewe: chakula cha jioni. Ndani yake "cha jio" ipo tayari imekaa pamoja! Ondoa chakula mbele, ondoa ni nyuma, chajio hiyo hapo. Kwa mtazamo huo hakuna kilichounganishwa, kirai kimepunguzwa ncha mbili, kama tunavyomkata shemeji akabaki shem, ila huyu kakatwa nyuma tu. Chamcha nayo, chakula cha mchana, ina mkanganyiko uleule. Nilicho na hakika nacho ni kwamba limeshakuwa neno moja: mkazo wa jioni uko kwenye o, wa chajio umehamia kwenye ji, silabi ya pili kutoka mwisho, kama neno jingine lolote.

---

Hasira za Sarufi

Mzee, mimi naona ni CHA ya chakula. Anayefupisha huanzia kwenye neno lenye maana, na hiyo "cha" ya katikati mara nyingi tunaiacha. Kwenye BAKITA wameacha "la" mbili.

---

Mzee wa Ngeli

Aliyetunga BAKITA alikuwa anatunga jina la chombo, kalamu mkononi. Una hakika aliyeanza kusema chajio alikuwa na kalamu?

---

Kalamu Nyekundu

Swali la pembeni. WAVIU, Watu Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI. Hiyo U ya mwisho ni UKIMWI mzima, kifupisho ndani ya kifupisho. Na tunasema WAVIU wamefika. Mwanafunzi akiniandikia kwamba umoja wake ni "mviu", nimpe alama au nimnyime?

---

Hasira za Sarufi

Akikuandikia hivyo, kwanza mwambie akueleze kwa nini. Halafu utume jibu lake hapa kabla hujashika hiyo kalamu yako nyekundu.