Naomba ushauri: muhtasari wa CV, afisa lojistiki

Habari wakuu. Natoa makontena bandari ya Dar kwenda Kigali, na sasa naandika upya muhtasari wa juu kwenye CV. Zamani tulisubiri meli ifunge gati ndiyo tuanze nyaraka. Siku za bure zinaisha, tunalipa tozo ya kuchelewesha kontena. Nikawabana wasambazaji watume ankara na hati ya shehena meli ikiwa bado baharini. Mzigo uliokuwa ukichukua wiki tano sasa ni tatu, na tozo karibu imekwisha.

Hiyo tozo tusiyolipa tena niiandike kama akiba? Bosi anaiita hivyo, mhasibu (mbishi huyo!) anasema ni hasara iliyoepukwa. Na nitaje shilingi, au asilimia tu, maana mikataba ni siri?