Tupeane uzoefu: paneli ikikuuliza utazaa lini, ulijibu aje?

Anita wa Kondele: Mimi nianze. Intavyu ya afisa wa mikopo hapa Kisumu, paneli ya watu 3, mambo yalikuwa sawa mpaka mzee mmoja akaniuliza, "Umeolewa? Na watoto je, ama tutakuajiri halafu uende likizo miezi 3?" Damu ilinipanda wallahi. Nikachukua maji, nikameza polepole, nikajiuliza huyu anaogopa nini hasa. Anaogopa nikose fildi. Basi nikajibu hiyo hofu, "Kama ni kufuatilia wateja, kazi yangu ya mwisho nilikuwa nazunguka Ahero na Muhoroni siku 4 kwa wiki. Hapa ratiba ya fildi iko aje?" Mama mmoja wa paneli akaanza kunieleza ratiba, lakini mzee akarudia tu. Nikamwambia kwa sauti ileile, "Mambo ya familia naomba tuyaache, ya kazi niulize yote." Kwa matatu nikaandika maneno yake vile alivyosema, saa, na nani alikuwepo. Kazi sikupata, na mpaka leo sijui kama ni hilo.

Baba Tele: Hiyo ni kesi! Swali pekee linatosha, nenda kortini.

Dada wa Lanet: Baba Tele, uko nusu. Nimekaa upande wa kuajiri miaka 9. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata anayetafuta kazi na imetaja mimba, nayo Katiba kifungu cha 27 imetaja hali ya ndoa. Lakini kinachokatazwa ni kukubagua, swali lenyewe ni ushahidi tu. Ukionyesha msingi, mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuthibitisha hakubagua, ndio maana ile karatasi ya Anita ina maana kuliko kumfokea mzee.

Kijana wa Naka: Mimi waliniuliza mshahara wa zamani nikakasirika sana.

Dada wa Lanet: Hilo ni lingine kaka, hilo ni la kubageini.

Wekesa B.: Huku Bungoma niliulizwa, "Hilo jina ni la ukoo gani?" Nikasema, "Naongea Kibukusu na Kiswahili vizuri kama kazi inahitaji lugha." Akanyamaza, akaenda swali lingine. Kazi nilipata, ila huyo bosi ndiye alinisumbua baadaye, kwa hivyo angalieni pia swali linakuambia nini kuhusu hiyo ofisi.

Mama Shiru: Na mwenye mimba tayari, haijaonekana, akiulizwa? Mimi nilisema "hapana" na bado inaniuma.

Dada wa Lanet: Pole mama. Mimi singesema uongo, ningesema "nitaweza kuanza tarehe mnayotaka" kama ni kweli. Lakini ukiwa na kodi ya nyumba imechelewa, siwezi kukuhukumu.

Anita wa Kondele: Hata mimi hapo sijui ningefanya nini. Nani mwingine yalimpata hayo?